Kutoka Nukta Hadi Aya: Kahawa ya Meru na Embu Daftarini mwa Mwanafunzi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuyageuza madokezo ya nukta nukta yawe maandishi ya kitaaluma yanayosomeka kwa mfululizo. Nitafanya hivyo kwa daftari moja tu, lenye madokezo ya historia ya kahawa katika wilaya za zamani za Meru na Embu. Daftari hili nimelitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa yale ninayoyasahihisha kila muhula, kwa hiyo asiwepo wa kudhani ni lake. Mambo yaliyomo ni ya kweli, na palipo na kosa nitalionyesha.

Dai langu ni kwamba nukta huficha uhusiano. Ukiandika nukta mbili, moja chini ya nyingine, hujasema kama ya pili imeletwa na ya kwanza, au inaipinga, au imeifuata tu kwa wakati. Aya haikuruhusu kunyamaza hivyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kuandika aya hufanyika kabla hujaandika kiunganishi hata kimoja.

Tatizo hili tumelitoa shuleni. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtahiniwa hupewa taarifa na kuagizwa aifupishe kwa idadi fulani ya maneno. Ana nafasi ya matayarisho, ambapo huchomoa hoja moja moja, kisha ana nafasi ya jibu. Alama nyingi huenda kwa hoja, na mtiririko hutengewa alama moja hivi. Mwanafunzi mwerevu huona upesi alama zilipo, akawa hodari wa kuchomoa. Lakini angalieni jambo moja: katika ufupisho, mwandishi wa taarifa alikuwa amekwisha kuyaunganisha mambo yake, na mtahiniwa alirithi uhusiano huo bila kuutafuta. Chuoni safari ni ya kurudi nyuma. Hoja zimetoka kwa mhadhiri, kwa vitabu viwili vitatu na kwa makala ya jarida, na hakuna mtu aliyeziunganisha. Anayetarajiwa kuziunganisha ni mwanafunzi.

Daftari lenyewe

Swali la zoezi lilikuwa hili: eleza kwa nini kilimo cha kahawa kilishuka Meru na Embu baada ya miaka ya 1980. Na madokezo yalikuwa haya:

• Miaka ya 1930 – Waafrika waruhusiwa kulima (Meru, Embu, Kisii)
• Walowezi kupinga – magonjwa, wizi, vibarua
• Swynnerton 1954
• Vyama vya ushirika, viwanda
• Kilele: 1987/88, tani 130,000
• 1989 – mkataba kuvunjika, bei chini
• Madeni, malipo kuchelewa, sheria ya 1997
• Magonjwa: la tunda, kutu ya majani
• Suluhisho: Ruiru 11 (1985), Batian (2010)
• Miraa – Uingereza yapiga marufuku 2014

Kama madokezo, sina ugomvi nayo. Aliyeyaandika alikuwa darasani na alikuwa makini. Shida huanza usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha zoezi, anapoketi na kuyapitia kutoka juu hadi chini, akiipa kila nukta kiunganishi chake. Matokeo huwa kama hivi:

"Kahawa ilianza kulimwa na Waafrika miaka ya 1930. Vilevile, walowezi walipinga. Aidha, kulikuwa na Swynnerton mwaka 1954. Isitoshe, kulikuwa na vyama vya ushirika na viwanda. Zaidi ya hayo, Meru na Embu zilifikia kilele cha tani 130,000. Hata hivyo, mkataba ulivunjika na bei ikashuka. Aidha, kulikuwa na magonjwa. Kwa hiyo, Ruiru 11 ilitolewa."

Kwa macho ni aya. Imeanza pembeni, ina vituo, na viunganishi vimejaa tele. Lakini jaribu kuzibadilishia nafasi sentensi tano za kwanza. Weka ya nne mahali pa pili, ya pili mahali pa tano. Hakuna kinachoharibika. Sentensi ambazo zinaweza kuhamahama bila kuumizana hazijaungana. Ni nukta zile zile zilizovishwa nguo. "Vilevile", "aidha", "isitoshe" na "zaidi ya hayo" yote yanasema jambo moja tu, kwamba kuna kingine. Hata nukta yenyewe ilikuwa inasema hivyo.

Sentensi ya mwisho ina kosa kubwa zaidi. "Kwa hiyo, Ruiru 11 ilitolewa." "Kwa hiyo" inayafanya yote yaliyotangulia, kuvunjika kwa mkataba kukiwamo, kuwa sababu, ilhali aina hiyo ya kahawa ilitolewa mwaka 1985. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ambao ulikuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kuuza ili bei isiporomoke, uliacha mgao huo mwaka 1989. Tokeo limetangulia sababu kwa miaka minne. Katika daftari kosa hilo halikuwapo, kwa sababu daftari halikusema lolote juu ya uhusiano. Limezaliwa na "kwa hiyo". Kiunganishi ni dai kama madai mengine, na dai huweza kuwa la uongo.

Kuipa kila nukta kitenzi chake

Hatua ya kwanza, basi, ni kuigeuza kila nukta iwe sentensi kamili, yenye mtenda na kitenzi, kabla ya kufikiria kuiunganisha na nyenzake. Tuichukue "Swynnerton 1954". Haina kitenzi. Swynnerton ni mtu, ni mji au ni sheria? Alifanya nini? Mwanafunzi akibanwa ataandika: "Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha mpango ulioandaliwa na Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo, uliokusudia kuwapa wakulima Waafrika hatimiliki za ardhi na kupanua kilimo chao cha mazao ya biashara, kahawa ikiwamo." Sasa tuna kitu cha kushika. Asipoweza kuiandika sentensi hiyo, amejua mapema kwamba nukta yake ilikuwa jina tu alilolisikia, na kwamba lazima arudi kitabuni.

Ichukue na ile ya walowezi. "Walowezi kupinga" hutumia kitenzi-jina, na kitenzi-jina hakituambii walipinga nini wala kwa maneno gani. Ikiandikwa kwa ukamilifu husomeka hivi: "Walowezi walipinga Waafrika kuruhusiwa kulima kahawa, wakidai kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa na kwamba wizi wa kahawa ungeongezeka; pia walihofia kuwakosa vibarua." Ona jinsi vitenzi viwili, "wakidai" na "walihofia", vimetenga sababu walizotoa hadharani na maslahi waliyokuwa wakiyalinda. Katika nukta, magonjwa, wizi na vibarua vilipangwa kwa koma kana kwamba ni vitu vya aina moja.

Nukta inayofichua zaidi ni ya kilele. "1987/88, tani 130,000." Nani alizalisha tani hizo? Kitenzi kinadai mtenda, na mtenda ni Kenya. Karibu tani 130,000 zilikuwa mavuno ya nchi nzima: Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Machakos, Kisii, Bungoma na kwingineko, pamoja na mashamba makubwa. Aya ya yule ndugu yetu iliandika "Meru na Embu zilifikia kilele cha tani 130,000" kwa sababu kichwa cha ukurasa kilisema Meru na Embu, na jicho likachukua mtenda kutoka huko. Kosa la namna hii hujificha daftarini mwaka mzima, na hujitokeza dakika ile unapolazimika kuandika kiima.

Kuutaja uhusiano

Hatua ya pili ni kuzitazama sentensi zile mbili mbili na kuandika katikati yake, kwa penseli, neno moja la uhusiano. Maneno hayo hayazidi matano: kwa sababu, ingawa, kisha, kwa mfano, na hamna. Usilidharau hilo la mwisho. Likijitokeza kati ya nukta na swali lenyewe, nukta hiyo inatoka.

Nukta ya miraa ndiyo ya kutoka. Ni kweli kwamba Uingereza iliipiga marufuku miraa mwaka 2014, na ni kweli kwamba pigo hilo liliwauma wakulima wa Nyambene. Lakini swali linauliza kwa nini kahawa ilishuka baada ya miaka ya 1980. Jambo la 2014 haliwezi kueleza kushuka kulikoanza robo karne kabla yake, na kufungwa kwa soko la miraa hakumpi mkulima sababu ya kuikimbia kahawa. Kinachoweza kubaki ni kitu kingine ambacho nukta haikukisema, yaani kwamba miraa yenyewe ilikuwa zao la pesa lililomngoja mkulima wa Igembe aliyeichoka kahawa. Hapo mwanafunzi lazima awe mwangalifu na upande wa Embu. Muguka wa Embu hulimwa zaidi Mbeere, ambako ni kukavu kuliko ukanda wa kahawa wa Manyatta na Runyenjes. Haiwezekani kuliandika lile la Igembe na kuongeza "vivyo hivyo Embu" bila kuangalia ramani. Katika ukanda wa kahawa wa Embu mshindani wa kutazamwa ni ng'ombe wa maziwa na, upande wa juu, chai.

Sasa turudi kwa Ruiru 11, maana hapo penseli inaleta faida kubwa. Neno "kwa hiyo" limekataa. Tujaribu "ingawa": ingawa aina inayostahimili magonjwa ilikuwapo tangu 1985, magonjwa yaliendelea kuumiza kahawa. Tarehe zimekubaliana. Lakini mara sentensi hiyo inapoandikwa, swali jipya linazuka: kwa nini wakulima wengi hawakuipanda? Jibu limo katika nukta nyingine za daftari lilelile. Kupanda aina mpya ni kung'oa miti inayozaa na kungoja miaka miwili au mitatu kabla ya kuvuna. Mwaka wa nne baada ya Ruiru 11 kutolewa bei ikaporomoka, na mkulima ambaye hakuwa na hakika ya bei hakuona sababu ya kungoja. Kumbe bei na magonjwa, zilizoandikwa kama sababu mbili sambamba, ni sababu moja iliyoingia ndani ya nyingine. Hoja hiyo haikuwa katika nukta yoyote. Imepatikana kwa kulijaribu neno moja la uhusiano na kulikuta linafaa.

Sentensi ya mada

Baada ya kuutaja uhusiano, aya zinajitenga zenyewe, na kila moja inahitaji sentensi ya mada. Wanafunzi wengi huandika kichwa cha habari wakadhani ni sentensi ya mada. "Aya hii itazungumzia magonjwa ya kahawa." "Magonjwa pia yalichangia." Sentensi ya mada hutoa jibu ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kulitilia shaka. Hakuna wa kubisha kwamba aya itazungumzia magonjwa, na kwa sababu hiyo sentensi zinazofuata hazina kazi ya kufanya. Penye shaka ndipo ushahidi unapohitajika.

Kwa daftari letu nazipata nne:

"Kushuka kwa kahawa ya Meru na Embu kulianzia sokoni, mbali na shamba la mkulima."

"Bei hiyo mbaya ilimfikia mkulima ikiwa imepunguzwa tena na vyama vya ushirika vilivyosimama kati yake na soko."

"Mkulima aliyelipwa kidogo na kwa kuchelewa hakuweza kuutunza mti wake, na hapo ndipo magonjwa yalipopata nafasi."

"Palipokuwa na zao jingine la kuleta pesa, mkulima hakungoja kahawa ipone."

Zisome hizo nne mfululizo, bila chochote katikati. Ni jibu la swali, fupi lakini kamili. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninaposahihisha: huzipigia mstari sentensi za kwanza za aya zote na kuzisoma peke yake. Zikinipa jibu, mwandishi alijua anakokwenda. Zikinipa orodha ya vichwa, najua nukta bado zinatawala.

Mtauliza zilikokwenda nukta nne za mwanzo, za miaka ya 1930, walowezi, Swynnerton na ushirika. Swali halikuuliza asili ya kahawa. Walowezi wanatoka kabisa, hata baada ya kupewa vitenzi vyao vizuri, na hilo ndilo linalowauma wanafunzi zaidi. Miaka ya 1930 na mpango wa 1954 zinaingia katika sentensi moja ya utangulizi, kwa ajili ya kuonyesha kwamba kilichoshuka kilikuwa kimejengwa kwa nusu karne. Vyama vya ushirika vinahamia aya ya pili, kwa kuwa ndipo vinapofanya kazi. Nukta haina haki ya kupata nafasi sawa na mwenzake kwa kuwa tu iliandikwa daftarini.

Ndani ya aya

Sasa nitaisoma aya ya tatu yote, ili muone jinsi mshikamano unavyopatikana kwa viunganishi vichache.

"Mkulima aliyelipwa kidogo na kwa kuchelewa hakuweza kuutunza mti wake, na hapo ndipo magonjwa yalipopata nafasi. SL28 na SL34, aina za zamani za kahawa ya Kenya, hushambuliwa na ugonjwa wa tunda na kutu ya majani, na kuzikinga ni kuzipulizia dawa mara kadhaa katika msimu. Dawa hiyo hununuliwa kabla ya mavuno, yaani kabla mkulima hajaiona pesa ya msimu huo. Ni kweli kwamba Ruiru 11, inayoyastahimili magonjwa yote mawili, ilikuwa imetolewa mwaka 1985. Lakini kuipanda kulimtaka mkulima ang'oe miti inayozaa na angoje miaka miwili au mitatu, na baada ya 1989 kungoja huko kulikuwa kubahatisha bei ambayo hakuna aliyeweza kuitabiri. Kinga ilikuwapo, ila ilidai pesa na subira ambazo soko lilikuwa limekwisha kumwondolea."

Hesabuni viunganishi vya wazi kati ya sentensi na sentensi. Kuna "ni kweli kwamba" na "lakini", ambavyo vimefanya kazi kwa pamoja: cha kwanza kimekubali pingamizi, cha pili kimelijibu. Kazi iliyobaki imefanywa na sarufi ya Kiswahili yenyewe. "Kuzipulizia dawa" ilipomaliza sentensi ya pili, ya tatu ilianza na "dawa hiyo". "Ruiru 11" ya sentensi ya nne ikawa kiambishi tu katika "kuipanda". "Angoje" ikazaa "kungoja huko". Sentensi nyingi zimeanza na kitu ambacho msomaji amekwisha kukutana nacho, zikamalizia na kitu kipya, na kile kipya kikawa cha zamani kwa sentensi inayofuata. Viashiria vya aina ya hiyo, huo, hilo na huko vipo kwa kazi hii hasa, na upatanisho wa ngeli humwambia msomaji ni nomino gani inayorejelewa. Mwandishi wa Kiswahili anayeanza kila sentensi na "aidha" ameviacha vifaa vizuri zaidi alivyo navyo.

Pana hatari moja. "Hii" na "hiyo" zikisimama peke yake, bila nomino, huacha msomaji akitafuta. "Bei ilishuka na madeni yakaongezeka. Hii ilisababisha wakulima kukata tamaa." Ni nini kilichosababisha, bei, madeni au vyote? Andika "hasara hiyo mara mbili" au "mzigo huo", nawe umelazimika kuamua unachokusudia. Ukikosa nomino ya kuweka hapo, ujue bado hujaamua.

Kuvuka kutoka aya hadi aya

Kuvuka aya ni kazi ileile kwa hatua ndefu zaidi. Aya ya kwanza, ya soko, inamalizia hivi: "Mgao ulipoachwa mwaka 1989, nchi zilimwaga kahawa zilizokuwa nayo sokoni, na katika miezi michache bei ya dunia ikawa imeporomoka." Ya pili inaanza na "Bei hiyo mbaya ilimfikia mkulima ikiwa imepunguzwa tena". Nusu ya kwanza ya sentensi imeshika mwisho wa aya iliyopita. Nusu ya pili imetoa dai jipya. Ya tatu nayo imeanza na "Mkulima aliyelipwa kidogo na kwa kuchelewa". "Kidogo" ni muhtasari wa aya ya kwanza, "kwa kuchelewa" ni muhtasari wa ya pili. Maneno manne yamebeba aya mbili.

Linganisheni na mvuko tunaouona kila siku: "Baada ya kuangalia suala la soko, sasa tuangalie suala la vyama vya ushirika." Katika mhadhara kama huu mtanisamehe nikisema hivyo, kwa sababu msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Kwenye karatasi sentensi hiyo inaeleza ratiba ya mwandishi na haisemi lolote juu ya kahawa. Haituambii kama ushirika ulizidisha tatizo la soko au ulilipunguza.

Kipimo cha mvuko ni kuzibadilishia nafasi aya. Weka ya tatu mahali pa pili. Ikiwa sentensi yake ya kwanza sasa inagoma, kwa kuwa "kwa kuchelewa" bado haijaelezwa, mvuko ulikuwa wa kweli. Ikiwa inapita bila shida, mvuko ulikuwa pambo.

Aya ya pili ina mtego mwingine wa wakati. Nukta ilisema "madeni, malipo kuchelewa, sheria ya 1997". Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka huo ilipunguza sana mamlaka ya serikali ya kusimamia vyama, na ni halali kuandika kwamba uangalizi huo ulipolegea, uongozi mbaya ulipata mwanya, na kwamba mwaka 2004 sheria ilirekebishwa ili kuurudisha. Si halali kuandika kwamba sheria ya 1997 ndiyo iliyoleta madeni, kwa kuwa malalamiko ya madeni na malipo yaliyochelewa yalikuwapo kabla yake. Kitenzi sahihi hapo ni "ilizidisha" au "iliacha wazi". "Ilisababisha" kingetupeleka kule kule kwa Ruiru 11.

Mahali pa kuacha nukta

Kuna mambo ambayo hayataki nathari, na mwanafunzi wa kilimo au wa maabara anayafahamu. Hatua za kuchanganya dawa ya kupulizia, vipimo vya udongo wa vituo kadhaa, vifaa vya jaribio: hivyo ni vitu sambamba ambavyo uhusiano wake ni mpangilio au hesabu tu. Ukivigeuza aya unamchosha msomaji na unaongeza nafasi ya kukosea. Dalili ni ile penseli. Ikiwa neno lililoandikwa kati ya kila jozi ni "kisha", na hakuna "kwa sababu" wala "ingawa" popote, orodha iachwe iwe orodha.

Katika chumba cha mtihani, wenye kuhofia muda wafanye hivi. Kwa dakika tano za mwanzo, andikeni nukta mnazozikumbuka, futeni zisizojibu swali, wekeni penseli kati ya zilizobaki, kisha andikeni sentensi za mada peke yake. Muda ukiwaishia kabla ya aya ya mwisho, msahihishaji atakuwa ameliona jibu lote katika sentensi hizo.

Nimalizie na tani 130,000, maana sijazipa makao. Haziwezi kusimama kama takwimu ya Meru na Embu. Zinaweza kuingia utangulizini kama takwimu ya nchi: Kenya ilivuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88, na katika miaka ya karibuni haijafikia nusu ya hizo. Lakini sentensi inayofuata itabidi iseme kama Meru na Embu zilishuka kwa kiwango hicho, zaidi yake au chini yake, na daftari halina jibu. Mwanafunzi ana njia mbili. Aandike "inaelekea" na kueleza kwamba anapima wilaya mbili kwa kipimo cha nchi, au aende kwenye ripoti za kila mwaka za Idara ya Kilimo za wilaya hizo na vitabu vya vyama vya ushirika, akahesabu. Mwenye nukta peke yake asingejua kwamba kuna kitu cha kwenda kutafuta.